Sura ya 3: Kimironko Kinywani

Mara ya kwanza nilipofika Kigali nilishuka basi Nyabugogo jioni, nikamwambia motari, dereva wa pikipiki, anipeleke Kimironko. Nililitamka jina hilo kama nilivyoliona limeandikwa, kwa Kiswahili changu cha Dar es Salaam. Motari alinipa helmeti, kisha akalirudia jina lile ili ahakikishe tumeelewana. Nikaitikia, ingawa nilichosikia hakikuwa nilichotamka. K yake ya mwanzo ilikaribia ch. R ilipita upesi mno, kama ukucha unaogonga meza mara moja. Na mwishoni, pale niliposema nko, sikusikia k yoyote: nilisikia ng' ikifuatwa na pumzi, kama mtu aliyeshusha mzigo.

Herufi tisa ni zilezile kwake na kwangu, lakini vinywa vyetu vilifanya kazi mbili tofauti. Katika sura hii tutalichukua jina hilo moja na kulifuata konsonanti kwa konsonanti, tukianzia midomoni na kwenda nyuma hadi koromeoni. Tutapita kila mahali zinapotamkiwa konsonanti za Kiswahili, na kila mahali tutauliza Kinyarwanda kinafanya nini hapohapo. Msemaji wa lugha moja hutamka bila kujisikia. Anapojaribu sauti ya jirani ndipo anapogundua ulimi wake ulikuwa wapi siku zote.

Maswali matatu

Hewa hutoka mapafuni, hupanda kooni, na hutokea kinywani au puani. Irabu huiacha ipite bila kizuizi. Konsonanti huizuia kwa namna fulani mahali fulani, na ukitaka kuieleza unahitaji kujibu maswali matatu.

La kwanza ni wapi. Kizuizi kimewekwa na ala zipi: mdomo kwa mdomo, mdomo wa chini na meno ya juu, ncha ya ulimi na ufizi, bapa la ulimi na kaakaa gumu, au nyuma ya ulimi na kaakaa laini? La pili ni vipi. Je, njia imezibwa kabisa kisha ikaachiwa ghafla, imebanwa hewa ikapita kwa kukwaruza, au imezibwa kinywani huku pua ikiachwa wazi? La tatu ni hali ya nyuzi sauti zilizo kooni. Zikitetema sauti ni ghuna, zisipotetema si ghuna. Ziba masikio kwa vidole useme sss kisha zzz, na utasikia mvumo ndani ya kichwa kwenye z peke yake.

Wanafunzi wengi huchanganya swali la kwanza na la pili, wakadhani kila mahali pana sauti yake moja. Ili kuondoa wazo hilo, kaa kwanza ufizini, pale kwenye tuta dogo nyuma ya meno ya juu. Liguse kwa ncha ya ulimi, ziba njia, achia: umepata t, kipasuo. Tetemesha nyuzi sauti katika mkao huohuo, upate d. Acha upenyo mwembamba hewa ikwaruze: s, au z ikiwa ghuna, na hivi ni vikwamizo. Ziba kinywa tena lakini shusha kaakaa laini ili hewa itokee puani: n, nazali. Iache ncha palepale ila shusha kingo za ulimi hewa ipite pembeni: l, kitambaza. Mwisho, gonga ufizi kwa ncha na kuondoka: r, ambayo vitabu vyetu huiita kimadende. Umetoa sauti saba bila kuhama mahali. Kilichobadilika ni namna na nyuzi sauti tu.

Midomoni: m, na b mbili

M ya Kimironko ndiyo konsonanti pekee ya jina hilo ambayo mimi na motari tuliitamka sawa. Midomo hufunga, kaakaa laini hushuka, nyuzi sauti hutetema, hewa hupita puani. Sema mmm kwa muda mrefu, kisha bana pua kwa vidole: sauti inakatika papo hapo, kwa sababu umeziba mlango pekee uliobaki.

Sasa tazama kioo ukisema mama, baba, papa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha m, b na p, maana midomo inafanya jambo moja katika zote tatu. Viziwi wanaosoma midomo hupata taabu hapa kila siku. Tofauti zimefichwa ndani: kwenye b kaakaa laini limepanda na kuziba njia ya pua, na kwenye p nyuzi sauti zimetulia. B ya wenyeji wa pwani ina jambo jingine pia. Koromeo hushuka kidogo wakati midomo imefungwa, hivyo midomo inapoachia, hewa huvutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Ukimsikiliza mzee wa Mvita au Unguja akisema baba, utaisikia b nzito, ya mviringo.

Kinyarwanda kina b inayofanya tofauti. Katika neno abagabo, yaani wanaume, midomo husogeleana lakini haifungi. Hewa hupita katikati kwa ulaini, na alama yake ya kifonetiki ni [β]. Mahali ni palepale pa midomo miwili, namna imebadilika: kipasuo kimekuwa sauti inayoendelea. Kipimo chake ni rahisi. Jaribu kuivuta b ya baba kwa sekunde tatu: huwezi, maana hewa imefungiwa na haina pa kwenda. Jaribu kuivuta b ya abagabo: inawezekana, na utahisi mtekenyo kwenye ngozi ya midomo.

Msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kinyarwanda hukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufunga midomo kabisa. Ataeleweka, ila atajulikana mara moja kuwa mgeni. Ya pili ni mbaya zaidi: anasikia kwamba sauti inaendelea, akaitafuta sauti inayoendelea iliyo karibu katika lugha yake, akatamka v. Hapo amehama mahali, kutoka midomo miwili hadi mdomo wa chini na meno ya juu, ambako ndiko nyumbani kwa f na v. Katika Kinyarwanda kuba ni kuwa, na kuva ni kutoka. Umbali kati ya mdomo wa juu na meno ya juu haufiki upana wa kidole, lakini umebadilisha kitenzi.

Kisha tazama imboga, mboga za majani. Hapa b ya Kinyarwanda inafunga kabisa kama yetu, na sababu yake iko kinywani: m iliyotangulia imekwisha kuifunga midomo, na b inaikuta imefungwa. Mwanafunzi asiizoee b ya Kinyarwanda kama herufi moja yenye sauti moja. Atazame kwanza kilicho kabla yake.

Kati ya midomo na ufizi, Kiswahili kina kituo kingine ambacho Kinyarwanda hakina: meno. Ncha ya ulimi ikikaribia meno ya juu na hewa ikikwaruza, hupatikana th ya thamani na dh ya dhahabu. Sauti hizi zilikuja na maneno ya Kiarabu, na msemaji asiyezizoea hurudi ufizini, akasema samani na zahabu. Anabakiza ukwamizi na kupoteza mahali.

Ufizini: kulala na kurara

R ya motari ilikuwa pigo moja. Ncha ya ulimi ilipanda, ikagusa ufizi kwa muda wa takriban milisekunde 20 hadi 30, ikashuka. Alama yake ni [ɾ]. R ya Kiswahili nayo mara nyingi huwa pigo moja katika mazungumzo ya haraka, lakini tunaweza kuiongeza mapigo mawili, matatu, tunapokazia neno, na hapo inastahili jina la kimadende.

Jambo linalowapa shida walimu wa Kiswahili mjini Kigali ni l. Kinyarwanda hakitenganishi l na r kwa maana. Maandishi yake hutumia r, na l imebaki katika majina kama Kigali na katika maneno ya kigeni. Kitenzi chetu kulala kina ndugu yake kamili huko, nacho ni kurara, kulala usiku mahali fulani. Kwa hiyo Mnyarwanda anaposema kwa Kiswahili nitarara hapa, hajakosea kwa uvivu. Amechukua mzizi uleule, akautamka kwa namna ambayo lugha yake imeuhifadhi.

Kumwambia mwanafunzi huyo asikilize vizuri hakumsaidii, kwa sababu sikio lake limezoezwa kuziweka sauti hizi mbili katika kapu moja. Msaidie kwa ulimi. Mwambie aweke ncha kwenye ufizi kama anayetaka kusema l, aiache hapo, kisha avute hewa ndani kwa nguvu. Atahisi ubaridi kwenye kingo za ulimi, kushoto au kulia au kote kuwili. Hapo ndipo hewa ya kitambaza inapopita. Afanye vivyo hivyo akiwa katika mkao wa s: ubaridi utapita katikati ya ulimi. Akiwa katika mkao wa t, hewa haitapita kabisa. Akishaujua ubaridi wa pembeni, atoe sauti llll kwa sekunde mbili bila kuinua ncha, kisha aiachie iwe la. R haiwezi kushikwa hivyo, kwa kuwa pigo likishikwa huwa si pigo tena. Tofauti ya l na r hapa si mahali, maana zote ni za ufizi. Ni muda wa mguso, na njia iliyoachwa wazi pembeni.

Ukitaka kuona kwa macho, kuna kipimo cha zamani kinachoweza kufanyika darasani. Chukua mkaa wa dawa unaouzwa famasi, unga wake uuchanganye na matone ya mafuta ya zeituni hadi uwe kama rangi nzito. Upake kwenye ulimi kwa brashi laini na safi. Tamka neno moja, mara moja tu, kisha usimeze wala usifunge kinywa. Ingiza kioo kidogo kinywani na upige picha ya kaakaa: mahali ulimi ulipogusa patakuwa peusi. Neno liwe na konsonanti moja tu ya ulimi, la sivyo alama zitapandana. Ala na ara yanafaa. Kwenye ala utaona alama kwenye ufizi na pembeni peupe, angalau upande mmoja. Kwenye ara mara nyingi utaona alama ndogo na nyembamba zaidi. Kipimo hiki kina mipaka miwili. Hakionyeshi muda, kwa hiyo pigo la haraka na mguso wa polepole vinaweza kufanana. Na hakifiki kaakaa laini, ambako kioo hakioni vizuri na wengi hushikwa na kichefuchefu wakijaribu.

Kaakaa gumu: chumba na icyumba

Sasa turudi kwenye k ya mwanzo. Sema kuku kwa kunong'ona, kisha kiti, ukisikiliza ulimi badala ya sauti. Kwenye kuku nyuma ya ulimi inagusa kaakaa laini, kule ndani. Kwenye kiti mguso umesogea mbele kidogo, kwa sababu irabu i inauvuta ulimi mbele hata kabla haijaanza. Msemaji wa Kiswahili huusogeza ulimi kwa kiasi hicho na kuishia hapo, na k yake bado ni k.

Katika Kinyarwanda cha Kigali safari hiyo huendelea. Kabla ya i na e, k hufika kwenye kaakaa gumu na kuwa kipasuo cha hapo, ambacho alama yake ni [c]. Ulimi hautumii ncha, na ncha hulala chini nyuma ya meno ya chini. Mgongo wake mpana ndio unaonata juu. Mguso mpana namna hiyo hauachii kwa wakati mmoja: unabanduka polepole, na hewa inayopenya kwenye ufa ule hukwaruza kidogo. Mkwaruzo huo ndio ulionifanya nisikie ch kwa motari. Jina la mji wenyewe, Kigali, huanza vivyo hivyo vinywani mwa wenyeji.

Lakini si ch yetu. Ch ni kipasuo-kwamizi: bapa la ulimi huziba karibu na mpaka wa ufizi na kaakaa gumu, kisha huachia kwa kukwaruza kwa muda unaosikika wazi, kana kwamba t imemezwa na sh. Linganisha chai ya Kiswahili na icyayi ya Kinyarwanda, ambayo ni chai ileile. Cy ya icyayi ni ile [c] tunayoizungumzia. Weka neno ichi na neno icyi kwenye kipimo cha mkaa: kwenye ch doa linakaa mbele, nyuma tu ya ufizi, na kwenye [c] linatanda katikati ya kaakaa gumu. Kabla ya hapo tamka irabu i peke yake na kuipiga picha, kwa sababu i huacha alama zake kwenye pande za kaakaa, na usipozijua utazihesabia konsonanti.

Uhusiano huu si wa bahati. Kiswahili kina kiti na kisu, lakini si kiakula wala kiumba: tunasema chakula na chumba. Kiambishi ki- kilipokutana na irabu nyingine, i yake iligeuka kiyeyusho y, k ikavutwa kwenye kaakaa gumu, kisha ikaendelea mbele hadi ikawa ch. Katika Kinyarwanda chumba ni icyumba. Lugha mbili zilianza na ki- ileile na umba ileile, ulimi ukashika njia ileile. Moja ilisimama kwenye kaakaa gumu, nyingine ikaenda hatua moja zaidi hadi karibu na ufizi. Mwaka 2014 serikali ya Rwanda ilipotoa maelekezo mapya ya maandishi ya Kinyarwanda, iliagizwa kabla ya i na e iandikwe k na g badala ya cy na jy, na njyewe, yaani mimi, likawa ngewe. Kulizuka ubishi, kwani wengine waliona maandishi yamesogea mbali na matamshi. Kwa mwanafonetiki hilo ni onyo la kawaida: herufi ni makubaliano, na kilichofanyika kinywani lazima kitazamwe chenyewe.

Kituo hiki cha kaakaa gumu, katika Kiswahili, kina wakazi wengine ambao utawatambua kwa maswali yaleyale matatu: j, ambayo ni ghuna, sh, kikwamizo kisicho ghuna, ny ya nyumba, nazali, na y, kiyeyusho, ambapo ulimi unakaribia kaakaa bila kuzuia chochote.

Kaakaa laini na pumzi: nko bila k

Sehemu ya mwisho ya jina ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Kwa Kiswahili nk ina hatua mbili. Nyuma ya ulimi inaziba kwenye kaakaa laini huku pua ikiwa wazi, hapo tuna nazali, ileile ng' ya ng'ombe. Kisha kaakaa laini linapanda na kuifunga pua, hewa inajaa nyuma ya kizuizi, ulimi unaachia, na k inapasuka. Mpasuko unahitaji milango yote miwili ifungwe kwa pamoja, hata kama ni kwa muda mfupi sana.

Katika kinywa cha motari, mlango wa pili haukufungwa. Kaakaa laini lilibaki chini, hewa ikaendelea kupita puani, hivyo haikujaa na hakukuwa na cha kupasuka. Badala yake nyuzi sauti zililegea na pumzi nyingi ikapita. Matokeo ni nazali ya kaakaa laini inayoishia kwa pumzi, tunayoweza kuiandika [ŋh]. Ndivyo ilivyo pia kwa t na p: abantu, watu, husikika karibu na abanhu, inka, ng'ombe, karibu na ing'ha, na impamvu, sababu, karibu na imhamvu. Mahali pa kila moja pamehifadhiwa kikamilifu: midomo kwa mp, ufizi kwa nt, kaakaa laini kwa nk. Kilichoondoka ni upasuo.

Didier Demolin na Véronique Delvaux walizipima sauti hizi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001. Walizieleza kuwa nazali ghuna zenye mnong'ono. Maelezo hayo yanagusa swali letu la tatu, lile la nyuzi sauti, na kuonyesha kwamba jibu la ndiyo au hapana halitoshi. Nyuzi sauti zinaweza kutetema huku zimeachana kiasi cha kupitisha pumzi inayosikika. Ni ghuna na zina pumzi kwa wakati mmoja.

Kipimo cha nyumbani ni kioo baridi. Kiweke chini ya pua useme nko kwa Kiswahili cha kwako, kisha ujaribu ng'ho. Katika ya kwanza ukungu ni mdogo, kwa sababu pua imefungwa mapema. Katika ya pili unakuwa mwingi. Ukiona ukungu mwingi lakini bado unasikia k, umetoa nazali ndefu, kisha ukafunga mlango mwishoni. Rudi uanze kwa kusema ng' peke yake, uivute, kisha uhemee puani bila kusogeza ulimi, na ndipo uingie kwenye o.

Msomaji wa pwani asidhani jambo hili ni geni kwake. Kuna kaa la moto na kaa wa baharini. Wenyeji wa lahaja za pwani hutamka kaa wa baharini kwa mpumuo, k inayofuatwa na pumzi, na kaa la moto bila mpumuo. Ni hivyo pia kwa paa mnyama na paa la nyumba. Jina la mnyama lilikuwa na nazali mwanzoni, kama majina mengi ya ngeli yake, na nazali hiyo ilipopotea iliacha pumzi nyuma. Kiswahili kilitupa nazali, kikabaki na kipasuo na pumzi. Kinyarwanda kilitupa kipasuo, kikabaki na nazali na pumzi. Pumzi ndiyo iliyobaki katika lugha zote mbili.

Kaakaa laini lina pia g, na katika maneno ya Kiarabu vikwamizo kh na gh, kama katika ghali. Nyuma yake limebaki koromeo, nyumbani kwa h, ambako hewa hukwaruza katikati ya nyuzi sauti zenyewe na kinywa hakiongezi kizuizi chochote.

Mahali pawili kwa pamoja: Rwanda

Konsonanti moja nimeiweka kiporo, nayo ni w. Katika chati nyingi za Kiswahili huwekwa midomoni, kwa sababu midomo huviringika. Hiyo ni nusu ya habari. Sema wa polepole, na usikilize nyuma ya ulimi: nayo imepanda kuelekea kaakaa laini. W ina mahali pawili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa ni kiyeyusho, hakuna hata mahali pamoja panapozibwa.

Sasa msikilize mtu wa Kigali akilitaja jina la nchi yake. Baada ya r na kabla ya w utasikia g: Rgwanda. G hiyo haikuandikwa, na haikutoka hewani. W inapofuata konsonanti nyingine, Kinyarwanda hukaza ule mnyanyuko wa nyuma ya ulimi hadi unagusa kaakaa laini. Mkaribio umekuwa kizibo, na kizibo ghuna cha kaakaa laini ni g.

Ingekuwa g daima, tungesema ni kanuni ya kukariri. Lakini sikiliza twese, sisi sote: husikika kama tkwese, na hapo ni k. Sikiliza umwana, mtoto, neno lilelile la mwana wetu: husikika kama umng'ana, na hapo ni ng'. Mahali hapabadiliki kamwe, ni kaakaa laini, kwa sababu pametolewa na w. Kinachobadilika hufuata konsonanti iliyotangulia. R ni ghuna, hivyo kizibo kinakuwa ghuna: g. T si ghuna, hivyo kizibo hakiwi ghuna: k. M ni nazali, pua imeachwa wazi, hivyo kizibo kinakuwa nazali: ng'.

Hapa ndipo maswali matatu yanapoonekana kuwa matatu kweli. Sauti moja imezaliwa ikiwa na wazazi wawili: mmoja ameijibia wapi, mwingine ameijibia vipi na hali ya nyuzi sauti. Ukitaka kulihakikisha hilo huhitaji maabara. Tamka Rgwanda polepole huku umebana pua: ile g inapita bila shida, na kikwazo unakihisi baadaye tu, kwenye n ya nda. Sasa tamka umng'ana, pua ikiwa bado imebanwa. Utakwama mapema, midomo ikiwa imefungwa mbele na ulimi nyuma, na hewa inasukuma mashavu ikitafuta pa kutokea. Achia vidole, na sauti itatoka kwa njia yake.